Sina kisukari, lakini natetemeka na moyo kwenda mbio kabla ya chakula cha mchana: je, kweli ni sukari inayoshuka?

Nkuhungu_Alfajiri (1)
Habari za leo wanajukwaa. Ninafanya kazi ya masjala katika ofisi mojawapo pale Mtumba na ninaishi Nkuhungu, kwa hiyo huondoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi bila kutia kitu tumboni. Saa nne ndipo ninapopata chai yenye sukari ya kutosha pamoja na maandazi mawili, na siku zenye kazi nyingi hunywa soda peke yake. Ikifika kati ya saa sita na nusu na saa saba mchana, mikono huanza kutetemeka kiasi cha kushindwa kuandika namba za majalada, jasho jembamba hunitoka, na moyo huenda mbio. Nikihesabu mapigo huwa yapo kwenye 110 kwa dakika, ilhali nikiwa nimetulia siku nyingine hayazidi 75.

Nimepimwa sukari asubuhi kabla ya kula, ikawa 4.9. Shinikizo la damu ni la kawaida. Nikaambiwa sina kisukari na kwamba nipunguze wasiwasi. Ninaomba kujua mambo mawili: je, mtu asiye na kisukari anaweza kushukiwa na sukari? Na kama inawezekana, mkosaji ni mlo wa asubuhi ninaouruka au ni ule utamu wa saa nne?

DerevaWaBahi (2)
Dada, hiyo ni njaa, usiitafutie jina la kitabibu. Mimi huendesha Dodoma hadi Manyoni na kurudi, na nikipitisha mlo natetemeka vivyo hivyo. Nikinywa soda baridi, hata dakika moja haiishi mwili unatulia. Dawa ikifanya kazi, ugonjwa umejulikana.

Binti_Kondoa (3)
Naomba nitofautiane na dereva. Sisi huku Kondoa tunafunga Ramadhani mwezi mzima, tangu daku hadi magharibi, watu wanalima na wanauza sokoni, na siwaoni wakitetemeka mikono saa saba mchana. Kama kukosa mlo mmoja kungeshusha sukari ya mtu mzima, mtaa mzima ungekuwa umelala chini. Kinachotusumbua siku za mwanzo ni kichwa kuuma, na hicho huwapata zaidi wale waliozoea chai na kahawa nyingi. Kwa hiyo mimi ninaishuku ile chai ya saa nne, sio ule mlo uliokosekana.

Tabibu_Mstaafu (4)
Nimefanya kazi ya utabibu katika vituo vya afya vya mkoa huu kwa muda mrefu, basi niruhusuni niseme kidogo kwa urefu.

Binti wa Kondoa ameligusa jambo la msingi. Ini la mtu mwenye afya huweka akiba ya sukari inayoweza kutumika kwa sehemu kubwa ya siku nzima, na akiba hiyo inapopungua, ini lenyewe hutengeneza sukari nyingine. Kwa hiyo kutokula tangu usiku hadi saa nne asubuhi hakutoshi, kwa mtu mzima asiye na ugonjwa mwingine, kuishusha sukari hadi kiwango cha hatari.

Utamu ulioliwa peke yake ni habari nyingine. Chai yenye sukari nyingi na maandazi ya unga mweupe huyeyuka upesi na kuingia kwenye damu kwa wingi kwa wakati mmoja. Kongosho hujibu kwa kumwaga insulini kulingana na wimbi hilo, na kwa baadhi ya watu insulini huendelea kufanya kazi baada ya wimbi lenyewe kupita. Hapo sukari hushuka chini ya pale ilipoanzia, kwa kawaida kati ya saa mbili na saa nne baada ya kula. Tazameni saa za dada: anakula saa nne, anatetemeka saa sita na nusu hadi saa saba. Huo ni muda wa saa mbili na nusu hadi tatu, na unaoana na maelezo haya vizuri sana.

Kutetemeka kwenyewe hakuletwi na sukari moja kwa moja. Mwili ukiona sukari inashuka karibu na 3.8 hivi, hutoa adrenalini ili kulihimiza ini liachie akiba yake, na ni adrenalini inayotetemesha mikono, kutoa jasho na kuukimbiza moyo. Sasa hapa ndipo penye mtego. Adrenalini hutoka pia kwa hofu, kwa maumivu, kwa kukosa usingizi. Ndiyo maana madaktari, tangu enzi za mpasuaji wa Kimarekani aitwaye Whipple katika miaka ya 1930, hudai mambo matatu yakutane: dalili ziwepo, sukari ipimwe wakati huohuo wa dalili na ionekane iko chini kweli, kisha dalili ziondoke sukari inapopanda. Kwa mtu asiye na kisukari, wengi huichukulia 3.0 kuwa mpaka. Kipimo cha 4.9 cha asubuhi kilijibu swali la kisukari. Hakikujibu swali la saa saba mchana.

Uwele_Safi (5)
Ninashukuru kwa maelezo, lakini mimi ninaamini tatizo ni sukari kupanda, sio kushuka. Mtu akinywa soda, sukari hupanda ghafla na moyo huenda mbio kwa sababu damu imekuwa nzito. Acheni sukari na sembe, mrudi kwenye ugali wa uwele na mlenda kama wazee wetu wa Kigogo, na hamtasikia habari ya kutetemeka.

Mpimaji_Maabara (6)
Ndugu Uwele_Safi, ushauri wako wa chakula unaweza kumfaa dada, ila sababu uliyoitoa haikubaliani na saa. Kwa mtu asiye na kisukari, sukari hufikia kilele kati ya nusu saa na saa moja baada ya kunywa kitu kitamu, na kilele chenyewe si kikubwa kiasi cha kuifanya damu iwe nzito. Kama kupanda ndiko kungekuwa tatizo, dada angetetemeka saa nne na nusu, akiwa bado na chembe za andazi mdomoni.

Nikirudi kwa dereva katika namba 2: kupata nafuu ndani ya dakika moja ni ushahidi unaokupinga. Soda inapaswa kutoka tumboni, iingie utumbo mwembamba, ifyonzwe, ndipo ifike kwenye damu kwa kiasi cha kuleta tofauti. Kwa kawaida hesabu dakika 10 hadi 15. Nafuu ya dakika moja ni ya kuliegesha gari, kukaa kivulini na kumeza kitu cha baridi.

DerevaWaBahi (7)
Basi wewe njoo uendeshe kutoka Manyoni ukiwa na njaa, halafu ukae kivulini bila soda, tuone kama kivuli kitakushibisha.

Mkulima_Kongwa (8)
Salaam. Nimeufurahia uzi huu kwa sababu baba yangu ana tatizo hilohilo. Ana miaka 71, anameza glibenklamidi, na wiki hii ameanza kutetemeka na kuzungumza maneno yasiyoeleweka anapochelewa kula. Je, naye aache chai ya sukari?

Tabibu_Mstaafu (9)
Mkulima, swali lako ni tofauti kabisa na la dada, na ni la haraka zaidi. Baba yako ana kisukari na anatumia dawa inayolilazimisha kongosho kutoa insulini hata kama hajala. Kwa mzee, hasa figo zikiwa zimechoka, dawa hiyo hukaa mwilini muda mrefu, na sukari inaweza kushuka tena baada ya kupanda. Akianza kuzungumza ovyo, na bado anaweza kumeza, mpe kitu chenye sukari mara moja, halafu mpelekeni hospitali leo hii, sio siku ya kliniki. Asibadilishe dawa kwa kusoma hapa.

Hata hivyo umenikumbusha jambo ambalo lazima nimuulize dada. Je, kuna mtu nyumbani mwako anayetumia vidonge vya kisukari? Imewahi kutokea vidonge vikachanganywa kwenye kopo moja na vya maumivu. Na je, unakunywa dawa yoyote ya mitishamba ya kupunguza mwili? Mtu anayetumia kwinini anapaswa kuisema pia, maana nayo huichochea insulini, na malaria kali yenyewe hushusha sukari.

Nkuhungu_Alfajiri (10)
Shikamoo mzee. Hakuna vidonge vyovyote, wala mitishamba, na sijaugua malaria hivi karibuni. Ila sikusema kwamba chai ya ofisini ni nzito sana, na nikiwa na usingizi huongeza kikombe cha kahawa saa tano. Shangazi yangu ana mashine ya kupimia sukari, na amekubali kuniazima pamoja na stripu chache. Naomba nielekezwe namna ya kupima ili matokeo yawe na maana.

Mpimaji_Maabara (11)
Kwanza, osha mikono kwa maji na sabuni, kisha ikauke kabisa. Chembe ya andazi au ubuyu wa sukari kwenye ncha ya kidole inaweza kuipandisha namba na kukuficha ukweli. Kama hakuna maji, pangusa tone la kwanza la damu na upime la pili. Usiiminye sana ncha ya kidole. Kopo la stripu lifungwe vizuri muda wote na lisiachwe kwenye gari lililoegeshwa juani, maana joto na unyevu huziharibu, na tarehe ya mwisho ya matumizi isiwe imepita.

Pili, na hapa ndipo wengi wanapoharibu, pima kabla hujaweka kitu mdomoni. Andika saa, ulichokula mara ya mwisho na saa uliyokila, mapigo ya moyo, kisha namba. Ukila kwanza na kupima baadaye, utakuwa umepima chakula.

Tatu, uifahamu mashine yenyewe. Kwa viwango vya kimataifa vinavyotumika, mashine za nyumbani zinaruhusiwa kukosea kwa takriban 0.8 juu au chini pale sukari inapokuwa chini ya 5.5. Maana yake ukiona 3.4, ukweli unaweza kuwa 2.6, ambayo ni sukari iliyoshuka kweli, au 4.2, ambayo si tatizo hata kidogo. Zilitengenezwa kumsaidia mgonjwa wa kisukari kupanga dawa, hazikutengenezwa kuamua kesi kama yako. Pima pia siku ambayo hutetemeki, saa hiyohiyo. Bila namba ya siku njema, namba ya siku mbaya haina cha kulinganishwa nacho.

Zabibu_Hombolo (12)
Hilo la vipimo kukosea limenigusa. Mimi nilichukuliwa damu katika zahanati moja asubuhi, ikapelekwa maabara nyingine mjini kwa bajaji, na majibu yalipokuja jioni yalisema sukari 2.9. Nilikuwa ninapalilia mizabibu bila dalili yoyote. Niliambiwa huenda nina uvimbe kwenye kongosho, na nyumbani hatukulala. Kipimo kiliporudiwa kwa damu iliyopimwa papo hapo, kilikuwa 4.7.

Mpimaji_Maabara (13)
Chembe za damu ziko hai hata zikiwa ndani ya chupa, na zinaendelea kula sukari. Damu iliyokaa kwenye chupa ya kawaida bila kutenganishwa hupoteza takriban asilimia 5 hadi 7 ya sukari yake kila saa, na joto likizidi kasi huongezeka. Sukari ya 4.7 iliyosafiri na kusubiri kwa saa kadhaa kwenye joto la Oktoba inaweza kabisa kusomeka 3 na kitu au chini ya hapo. Kwa kipimo hiki hutumiwa chupa yenye kifuniko cha kijivu, ambayo ina kemikali ya floridi ya kuzizuia chembe hizo, na hata hiyo huchukua muda kabla ya kuzizuia kikamilifu. Mtu asiye na dalili akipewa jibu la namna ile, la kwanza kuuliza ni damu ilikaa wapi na kwa muda gani.

Uwele_Safi (14)
Na mvinyo je, Zabibu? Isije ikawa unaonja mapipa kabla ya kula, halafu unasingizia bajaji.

Zabibu_Hombolo (15)
Mimi nauza zabibu mbichi, ndugu, mapipa ni ya wengine.

Tabibu_Mstaafu (16)
Utani wa Uwele_Safi una ukweli ndani yake. Pombe hulizuia ini kutengeneza sukari mpya. Aliyelala bila kula, akaamkia pombe, anaweza kushukiwa na sukari kikwelikweli hata kama hana kisukari, na watu humwacha wakidhani amelewa tu. Huyo ndiye mtu ambaye kwake kukosa mlo ni hatari. Si hali ya dada yetu, lakini itamkwe.

Chimwaga_Usiku (17)
Mimi ni mwanafunzi, na nadhani mnaipita kafeini haraka mno. Binti wa Kondoa aliigusa katika namba 3, dada akaikiri katika namba 10, kisha watu wakarudi kwenye sukari. Wakati wa mitihani nilikuwa ninakunywa vinywaji vya kuongeza nguvu usiku kwenye tumbo tupu. Kopo la mililita 250 huwa na takriban miligramu 80 za kafeini, na juu yake kuna sukari ya vijiko vingi. Nilitetemeka na mapigo yakafika 115. Rafiki yangu wa udaktari akanipima wakati uleule: sukari 6.3. Hapo hakukuwa na kitu kilichoshuka. Kahawa ya saa tano bado imo mwilini saa saba, kwa sababu nusu ya kafeini huchukua takriban saa tano kuondoka. Kwa nini tusiseme dada anatetemeshwa na kahawa, halafu chakula cha mchana kinakuja wakati kahawa inapungua na sifa zote zinakwenda kwa chakula?

Mama_Mpwapwa (18)
Wanangu, mnazungumzia chakula tu. Mimi nilikuwa nikienda mbio moyo, nikaambiwa njaa, nikaambiwa wasiwasi, nikaambiwa umri wa kukoma hedhi. Kumbe mapigo yangu yalikuwa yanaanza ghafla kama taa inavyowashwa, yanafika 180, na yanazimika ghafla vilevile. Siku moja yalianza nikiwa nimetoka kushiba ugali. Nilipowekewa kipimo cha umeme wa moyo wakati yakiendelea, ikaonekana ni hitilafu ya njia za umeme wa moyo wenyewe, na nikapewa dawa. Binti, yako huanzaje?

Nkuhungu_Alfajiri (19)
Shikamoo mama. Yangu huja polepole kama robo saa hivi, hutangulia jasho na njaa kali, na huondoka polepole pia. Hayajawahi kufika 130.

Tabibu_Mstaafu (20)
Hilo ni jibu zuri, na Mama Mpwapwa ameuliza swali ambalo ningepaswa kuanza nalo. Mapigo yanayopanda taratibu hadi 110 yakifuatana na jasho yana sura ya adrenalini. Yanayoruka hadi 180 kwa sekunde moja yana sura ya umeme wa moyo. Ila kabla ya kuifunga milango, dada apime pia wingi wa damu na tezi ya shingoni. Upungufu wa damu ni wa kawaida kwa wanawake, na moyo wa mtu mwenye damu kidogo hukimbia kwa sababu ndogo ambayo kwa mwingine isingeonekana.

Nkuhungu_Alfajiri (21)
Nimerudi na majibu kama nilivyoelekezwa, nikiwa nimenawa mikono na kupima kabla ya kula.

Siku ya kwanza ya dalili nilikuwa nimekunywa soda peke yake saa nne. Saa saba kasoro dakika kumi nilitetemeka, mapigo 112, sukari 3.4. Nilirudia kwa kidole kingine, ikawa 3.7. Nilikula ndizi mbivu na karanga, na baada ya robo saa hivi nilitulia.

Siku nyingine ilikuwa chai nzito, maandazi na kahawa ya saa tano. Nilitetemeka vilevile, mapigo 106, lakini sukari ilikuwa 5.2.

Halafu kuna hii inayonichanganya. Siku ambayo sikuwa na dalili kabisa, nilipima saa saba kama Mpimaji alivyoshauri, na sukari ilikuwa 3.8, mapigo 78. Karibu sawa na siku mbaya.

Wingi wa damu ni 11.2, na nimeambiwa ni pungufu kidogo. Majibu ya tezi ni ya kawaida.

Chimwaga_Usiku (22)
Siku ya 5.2 ni kahawa. Sioni namna nyingine ya kuieleza.

DerevaWaBahi (23)
Na siku ya 3.4 ni sukari. Kwa hiyo nilikuwa sahihi nusu, na katika jukwaa hili nusu si haba.

Mpimaji_Maabara (24)
Polepole, dereva. Kati ya 3.4 na 3.8 kuna tofauti ya 0.4, ambayo ni ndogo kuliko kosa linaloruhusiwa la mashine. Kwa namba hizi siwezi kusema kwamba siku mbaya sukari ilikuwa chini kuliko siku njema. Hakuna hata moja iliyofika chini ya 3.0. Kwa masharti matatu aliyoyataja mzee, dada ana la kwanza, ana la tatu, na la pili halijathibitishwa.

Tabibu_Mstaafu (25)
Ninakubaliana na hesabu ya Mpimaji, lakini sikubaliani na pale anapoonekana kuelekea. Namba ya kipimo kimoja haielezi mwendo. Mtu aliyekuwa 8 saa nne na nusu na akafika 3.6 saa saba ameporomoka, ilhali aliyekaa kwenye 3.8 tangu asubuhi ametulia. Nimewaona watu wengi wa namna ya dada ambao sukari haikufika 3.0 lakini walipona walipobadilisha mlo. Hali ya dalili baada ya kula bila sukari iliyoshuka kwa kipimo inajulikana, na wagonjwa wake si waongo wala si wenye wasiwasi tu.

Mpimaji_Maabara (26)
Mzee, kwa heshima, hilo la kasi ya kuporomoka linasemwa sana kuliko linavyothibitishwa kwa watu wasio na kisukari. Wagonjwa wa kisukari waliozoea sukari ya juu huweza kuhisi dalili wakiwa kwenye namba za kawaida, hilo nakubali. Kwa dada aliyezoea 4.9, sina uhakika kwamba kushuka hadi 3.6 kunatosha. Na kupona kwa kubadilisha mlo hakuthibitishi, kwa sababu anayebadilisha mlo hubadilisha na chai, na usingizi, na saa ya kuamka.

Binti_Kondoa (27)
Wakati wataalamu wanavutana, mimi ningemshauri dada atenganishe mambo, maana amekuwa akibadilisha soda na kahawa kwa pamoja. Kwa muda fulani aache kahawa ya saa tano peke yake na abaki na chai na maandazi kama kawaida. Kisha arudishe kahawa, lakini asubuhi ale kabla ya kutoka. Atakachobadilisha kiwe kimoja kwa wakati mmoja.

Uwele_Safi (28)
Kabla ya kutoka ale uji wa uwele uliotiwa karanga za kusaga, bila sukari au kwa kijiko kimoja. Na kama lazima andazi la saa nne lipite kooni, lipite pamoja na yai la kuchemsha.

Tabibu_Mstaafu (29)
Hapo Uwele_Safi yuko sahihi, ingawa si kwa sababu ya damu nzito. Mafuta na protini ya karanga na yai huchelewesha tumbo kujimwaga, kwa hiyo sukari huingia kidogo kidogo na kongosho halishtuki. Ila uwele ukikobolewa na kusagwa laini sana, kisha ukatiwa vijiko vinne vya sukari, tofauti yake na sembe inapungua mno.

Nkuhungu_Alfajiri (30)
Nimefuata utaratibu wa Binti wa Kondoa. Kuacha kahawa peke yake kulipunguza mapigo, lakini kutetemeka na jasho vilibaki. Nilipoanza kula uji na yai kabla ya kutoka, kahawa ikiwa imerudi, dalili zilikuwa hafifu, siku nyingi hazipo. Halafu tulikuwa na kikao kirefu, nikanywa soda peke yake juu ya uji wa alfajiri, na saa tatu baadaye nikatetemeka tena. Stripu zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo namba sina. Nimeanza vidonge vya madini ya chuma pia, na sasa sijui nimshukuru nani.

Chimwaga_Usiku (31)
Kwa hiyo kila mtu humu ana asilimia yake. Nami nadai yangu kwenye mapigo.

Mpimaji_Maabara (32)
Kama dada anataka jibu badala ya asilimia, kuna kipimo. Anapewa mlo, kisha anachukuliwa damu kila nusu saa kwa muda wa saa tano, na dalili zinaandikwa zikitokea. Asikubali kile cha kunywa gramu 75 za glukosi kinachotumika kutafutia kisukari. Hicho kikiendelezwa kwa saa kadhaa, takriban mtu mmoja kati ya kumi wenye afya njema hushuka hadi namba za kutisha bila kuhisi chochote, na kingeweza kumpa jina la ugonjwa asionao.

Tabibu_Mstaafu (33)
Mimi nisingemharakisha, kwa kuwa amepata nafuu kwa uji na yai, na siku nzima hospitalini ni gharama na ni ruhusa ya kazini. Ila msimamo wangu ungebadilika kabisa kama mambo mengine yangejitokeza: dalili kuja alfajiri kabla ya kula au baada ya kazi ngumu, kuchanganyikiwa, kuona vitu viwiliviwili, kuzirai, au kuongezeka uzito kwa sababu ya kula kila mara ili kuzizuia. Hizo hutufanya tuutafute uvimbe wa kongosho unaotoa insulini bila mpangilio, ambao ni nadra sana, na hutafutwa kwa mgonjwa kulazwa na kufungishwa kula chini ya uangalizi kwa hadi saa 72. Aliyewahi kupasuliwa tumbo la chakula naye asingoje.

Nkuhungu_Alfajiri (34)
Sijawahi kupasuliwa, na usiku huwa salama. Nimeamua nitafanya kipimo cha saa tano nikipata likizo, kwa sababu nataka kujua kama ile 3.4 ilikuwa 2.6 au 4.2. Swali langu la mwisho: mlo wa kipimo ni upi? Wakinipa ugali na nyama nitakaa pale saa tano bila kutetemeka.

Mpimaji_Maabara (35)
Omba uruhusiwe kula kilekile kinachokutetemesha, yaani chai yako yenye sukari yako na maandazi mawili, bila kahawa. Waombe pia, dalili zikitokea, wachukue damu hapo hapo kabla ya kukupa chochote, kwenye chupa ya kijivu, na ipelekwe kupimwa bila kungoja ijae kreti. Na usiondoke saa mbili zikitimia kwa sababu namba ni nzuri. Yako huja baada ya hapo.

DerevaWaBahi (36)
Saa tano kwa maandazi mawili! Mimi naomba wanipime na soda, na wanipe kivuli upande wa pili, tuumalize ubishi wangu na Mpimaji siku hiyohiyo.